Nyota kwa Meseji: Asiyekuona Uso Anakusomea Nini?



Ndugu zangu, mtu anayekusomea nyota kwa meseji au kwa ujumbe wa sauti hajawahi kukutia machoni. Hata hivyo majibu yake huja yamenyooka, kana kwamba amekaa nyumbani kwenu mwaka mzima. Unyoofu huo unatoka wapi? Na je, kutokuuona uso wako kunampunguzia dhima au kunamwongezea?

Nauliza kwa sababu biashara hii imeingia hadi mabwenini kwetu, na wanaoitumia hujitetea kwa maneno mawili. La kwanza: "Alijuaje, na hajaniona?" La pili: "Mimi sikumwendea, nilimtumia meseji tu."

Tuanze na la kwanza. Babu yangu mzaa mama aliwapigia watu nyota hapa Buyenzi kwa miaka mingi, na hesabu yake naijua. Huhitaji uso. Unahitaji jina la mtu na jina la mama yake, yaandikwe kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ipewe thamani yake ya abjadi. Jumla inagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota.

Chukua Zainabu binti Mariamu. Zainabu ni zai 7, ya 10, nuni 50 na ba 2, jumla 69. Mariamu ni mimu 40, ra 200, ya 10 na mimu 40, jumla 290. Ukijumlisha yote unapata 359. Gawa kwa 12, inabaki 11, nayo ni nyota ya Ndoo. Lakini akitokea mwandishi mwingine akaliandika Zainabu kama tunavyolitamka, akaongeza wau mwishoni, zinaongezeka 6. Jumla inakuwa 365, inabaki 5, na binti amehama kutoka Ndoo kwenda Simba bila kuinuka kitini. Mteja wa simu huliandika jina lake kwa herufi za Kizungu, au hulitamka tu. Msomaji ndiye anayeamua herufi zipi zitumike, na mteja hajui kwamba uamuzi huo umefanyika. Na wenzetu wenye majina ya Kirundi yenye herufi v, ambayo abjadi haina? Hapo huchaguliwa herufi ya jirani, na hesabu inaendelea.

Basi hesabu haiwezi kuwa chimbuko la majibu yaliyonyooka. Chimbuko ni mteja mwenyewe. Baada ya majina mawili huulizwa, "Tatizo lako ni nini, kwa kifupi?" Hapo ndipo anapojifungua. Saa aliyotuma inasema jambo, maana anayeuliza habari za posa saa nane usiku hana usingizi. Picha yake kwenye Watsapu inasema umri na hali. Ujumbe wa sauti unasema zaidi, kwa sababu una pumzi, una kilio kilichozuiwa, na una jina la mtu linalotajwa mara tatu. Msomaji anaweza kuusikiliza mara tano kabla ya kujibu, jambo ambalo babu hakuweza kulifanya na mtu aliyekaa mbele yake mkekani.

Kinachobaki ni maneno yanayomwenea kila mtu. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawataka wayape alama kati ya 0 na 5 kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale.

Sasa nieleze kisa nilichokishuhudia. Dada mmoja tunayesoma naye alikuwa amechumbiwa, na mahari yakawa yanacheleweshwa. Akatuma jina lake, la mama yake, na ujumbe wa sauti wa dakika nne. Alipolipa kwa simu, alijibiwa kwa maandishi kwamba kuna mwanamke mtu mzima, wa maji ya kunde, wa karibu na nyumba yao, anayemchekea usoni lakini hataki afike mbali, na kwamba mlango utafunguka baada ya saba, iwe siku au wiki.

Alinionyesha, nikamwomba asome tena polepole. Ni nyumba gani ya kwetu isiyo na mwanamke mtu mzima wa maji ya kunde? Na ile "saba" ina nafasi mbili za kupatia. Lakini yeye alikuwa ameshalijaza pengo kwa jina la shangazi yake. Msomaji hakumtaja shangazi kabisa. Dada mwenyewe ndiye aliyemtaja, kisha akashangaa jinsi msomaji alivyojua.

Babu naye alisema maneno ya namna hii, wala simtakasi. Lakini aliyaona yanapotua. Mama akibadilika rangi, babu alisita, akalegeza, akasema, "Mwanangu, hii ni hesabu tu, usende kugombana na mtu." Anayeandika kwa simu hana cha kumsitisha, kwani hayaoni macho ya mteja. Tena neno la mkekani husahaulika nusu yake njiani, ila meseji hubaki, husomwa tena, hutumwa mbele. Ile ya dada yetu ilifika kwa dada zake wawili siku ile ile, na kufikia Ijumaa shangazi hakualikwa kwenye kikao cha familia. Amekatwa udugu kwa ushahidi wa rangi ya ngozi, ilhali Sura Al-Hujurat, aya ya 12, imetuonya tujiepushe na dhana nyingi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kutokuona uso kunaongeza dhima. Anayeandika bila kuona angepaswa kuandika kwa tahadhari zaidi, lakini soko linamtaka aandike kwa uhakika zaidi, kwa sababu uhakika ndio unaolipiwa. Mtu ataniambia daktari naye hushauri kwa simu. Ni kweli, lakini daktari huuliza maswali yanayoweza kumkosoa yeye mwenyewe, na akishindwa kujua husema, "Njoo nikuone." Msomaji wa nyota hasemi hivyo kamwe.

Na la pili, "sikumwendea"? Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inayotaja kutokubaliwa sala ya usiku 40 inamhusu anayemwendea mtabiri akamuuliza. Kiini ni kule kuuliza, na kidole juu ya simu kinauliza sawasawa na mguu uliotembea. Wanaosema "mbona alipatia" wakumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa jambo hilo hilo, akaeleza kwamba neno moja la kweli huchanganywa na uongo zaidi ya mia.

Niliomba jambo moja tu kwa dada yule: amwendee shangazi ana kwa ana, amuulize habari za mahari. Kisha asali rakaa mbili za istikhara yeye mwenyewe. Nasema yeye mwenyewe kwa sababu siku hizi wapo wanaopokea majina kwa meseji ili "wakufanyie istikhara" na kukutumia majibu. Dua aliyotufundisha Mtume (s.a.w.) haina msomaji wa kati, wala haikuahidi maandishi. Muombaji anamwachia Allah asilolijua, na hilo ndilo wasomaji hawa wa simu wanalokataa kulifanya.

Wabillahi taufiq.