Ni Kahoma Tu

Wakenya tuna silabi moja tunayoitumia kupunguza mambo: ka. Kapesa, kashida, kahoma. Mtu akikwambia ako na kahoma, ujue ameupima ugonjwa kwa kifua chake mwenyewe. Swali langu ni hili: je, kipimo hicho kinatosha mahali ambapo watu wanavuta hewa moja?

Chukua konda mmoja, tumwite Kevo. Ni Julai, Nairobi kuna baridi, na yeye anafanya kazi kwa matatu ya viti 14 inayotoka Kikuyu kwenda tao. Hii ni siku ya pili anapiga chafya, mwili unauma, pua inachuruzika. Dere anamuuliza, "Buda, si ungepumzika leo?" Kevo anacheka. "Ni kahoma tu. Nikilala leo, kesho napata mtu ashachukua kazi yangu." Hapo hadanganyi. Hana siku ya ugonjwa inayolipwa.

Kunanyunya, kwa hivyo madirisha yote yamefungwa. Kevo anakohoa, anapokea nauli, anarudisha chenji, anakohoa tena. Karibu na Uthiru anamfikia shosho aliyepanda muda mfupi uliopita.

"Shosho, nauli."

"Ngoja... kijana... wangu."

Anadhani anatafuta pesa. Halafu anamwangalia vizuri. Shosho ameinama mbele, mikono imeshika magoti. Mabega yanapanda kila anapovuta hewa, na ngozi iliyo chini ya shingo inabonyea ndani. Midomo imekuwa ya kijivu. Mtu anayeongea neno moja moja hivyo, pumzi yake imeisha.

"Dere, weka kando!"

Abiria mmoja anataka shosho alazwe kwenye kiti. Mama aliye kando yake anakataa, na yuko sawa: mtu aliyekosa pumzi hupumua afadhali akiwa ameketi wima. Wanafungua madirisha, wanalegeza leso shingoni. Kwa kiondo chake wanapata inhela, wanamsaidia kuivuta. Kisha gari linaacha ruti na kwenda hospitali moja kwa moja. Wawili wanalalamika watachelewa kazini.

Shosho akishaingizwa ndani, Kevo anabaki langoni na swali moja: ni mimi nimemfanyia hivi?

Kwa shosho huyu, jibu ni hapana. Tuseme kahoma kake ni flu. Virusi vya flu vikiingia mwilini huchukua kati ya siku moja na nne kabla mtu hajaanza kuugua. Shosho alikuwa garini dakika chache tu. Alichonacho alikuja nacho.

Lakini hesabu hiyo inayomwokoa Kevo ndiyo inayomrudia. Mwenye flu anaweza kuambukiza kuanzia siku moja hivi kabla hajajisikia mgonjwa, na siku tatu za kwanza za ugonjwa ndizo mbaya zaidi. Kumaanisha jana, gari likiwa limejaa na madirisha yamefungwa, Kevo alikuwa katikati ya siku hizo. Kama alibeba shosho mwingine mwenye mapafu dhaifu, huyo ataanza kukosa pumzi keshokutwa, akiwa kwake. Hakuna atakayemkumbuka konda. Hata Kevo mwenyewe hatajua.

Hapa ndipo maadili yetu hukwama. Tumezoea kwamba ili kuwe na kosa, lazima kuwe na aliyeumizwa na aliyemuumiza, wakiangaliana. Wengine watasema kama humjui uliyemuumiza, huna deni. Isitoshe, Kevo naye aliambukizwa na mtu, pengine abiria. Mimi naona kutomjua mtu hakufuti deni. Kunaondoa tu wa kulidai.

Hata hivyo, silitwiki lote Kevo. Kuna sehemu yake ambayo haimgharimu siku ya kazi: avae maski, akoholee kwenye kiwiko, aache madirisha mawili wazi kidogo hata abiria wakinung'unika juu ya baridi. Kukaa nyumbani ni jambo lingine. Hiyo ni sehemu ya mwenye gari anayemfanya achague kati ya kupumzika na kula, na ni sehemu yetu pia, sisi tunaofunga dirisha huku konda akikohoa.

Na hatuwezi kusema haiwezekani. Mwaka wa 2020 matatu ya watu 14 iliamriwa kubeba 8. Tulilipa nauli ya juu, tukavaa maski. Tulikuwa tumeogopa, kila mtu kwa ajili yake mwenyewe. Bado sijui kama tungekubali hata ule upepo wa dirishani, kama aliye hatarini angekuwa shosho wa mtu mwingine peke yake.