Dawa Imepimwa, na Maneno Je?

Mgonjwa atokapo zahanati huchukua vitu viwili: dawa, na maneno ya kuitumia. Dawa imepimwa kwa uangalifu. Twauliza leo, ndugu wasomaji, kama na maneno yamepimwa, na kama hayakupimwa, kosa litakalotokea ni la nani.

Waganga huandika kwa mkato. Herufi bd ni Kilatini, maana yake mara mbili kwa siku. Tds ni itumiwe mara tatu kwa siku. Baina ya mganga na mtoa dawa, mkato huo hauna ubaya, kwa kuwa wote wawili wameusoma. Ubaya huanza unapoandikwa juu ya bahasha ya mgonjwa, au unapogeuzwa kuwa tarakimu tupu. Bahasha ikiandikwa 2 x 3, mmoja atameza vidonge viwili mara tatu, na mwingine vidonge vitatu mara mbili. Jumla ni sita kwa wote, lakini kipimo si kimoja.

Hata Kiswahili chaweza kupoteza mtu. Tumezoea kusema “kutwa mara tatu”. Lakini kutwa ni tangu jua kuchomoza hata kuchwa. Mwenye kutii neno hilo atameza asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha usiku kucha mwili ukae bila dawa. Kwa dawa inayotakiwa kila baada ya saa nane, ni heri kuandika: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Wala tusiseme tu “baada ya chakula” kabla ya kuuliza nyumba ile hula mara ngapi. Wanaokula mara mbili wataacha kipimo cha tatu kwa utii kabisa.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa dagaa wa ufuko wa Igombe, karibu na Mwanza. Huyu hufanya kazi usiku kwa taa na hulala mchana. Amepimwa, ana malaria, naye amepewa dawa mseto, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Ni mtu mzima mwenye kilo zaidi ya 35, basi kipimo chake ni vidonge 4 kwa mara moja, mara sita, yaani vidonge 24 kwa siku tatu. Bahasha yasema: 4 bd 3/7. Hiyo 3/7 ni siku tatu, wala si hesabu ya sehemu.

Angalieni sasa. Hata mwenye kuijua bd atadhani ni kila baada ya saa kumi na mbili. Lakini katika dawa hii kipimo cha pili hufuata baada ya saa nane. Akimeza saa nne asubuhi, cha pili ni saa kumi na mbili jioni, kabla ya kushuka mtumbwini. Siku ya pili na ya tatu ndipo humeza saa nne asubuhi na saa nne usiku. Herufi mbili hazikuweza kulisema jambo hilo. Hazikusema pia kwamba dawa hii huingia mwilini vema ikifuatana na chakula chenye mafuta, kama samaki wa kukaanga au maziwa. Wala kwamba kipimo cha saa nne usiku kitamkuta ziwani, hivyo hana budi kukichukua pamoja na chakula chake, au apumzike siku hizo.

Njia ya kutambua kosa ni nyepesi: baada ya vipimo viwili vya kwanza vibaki vidonge 16, baada ya vinne vibaki 8, mwisho pasibaki kitu. Vikibaki, kuna kipimo kilichorukwa. Mara nyingi ni kwa sababu homa ilishuka siku ya pili na mgonjwa akajiona mzima.

Twajua foleni ni ndefu na watumishi ni wachache. Lakini kumwuliza mgonjwa “Umeelewa?” hakufai, maana kwa heshima atajibu “Ndiyo, daktari.” Afadhali aambiwe: “Baba, hebu nieleze utakavyomeza.” Kosa lake litasikika papo hapo, na kulisahihisha ni kazi ya dakika moja.

Mgonjwa naye ana wajibu wa kuuliza. Hata hivyo mizigo hiyo miwili si sawa. Asiyejua hawezi kujua kwamba hajui. Mwenye kujua ndiye anayeona shimo lilipo. Kwa hiyo twasema: aliyeandika sawasawa lakini hakufahamika, hajamaliza kazi yake.