Punje Kumi za Maharage

Ile ratiba niliichora mimi mwenyewe, kwa rula na kalamu mbili, nikaibandika ukutani kwa dada yangu hapa Chala. Mpwa wangu alikuwa kidato cha nne, likizo ya Juni ilikuwa imeanza, na mimi nafundisha hesabu. Kusoma kwa muda wa saa mbili alfajiri na saa tatu jioni, kila siku. Nilijua kijana ana selimundu. Kwa hiyo niliongeza sharti: saa yoyote itakayokosekana ilipwe kesho yake, ili ugonjwa usimrudishe nyuma.

Sharti hilo ndilo lililomlaza.

Jumatatu aliamka mchovu, akasoma saa mbili, akabaki na deni la saa tatu. Jumanne alitakiwa asome saa nane, akaweza nne. Jumatano deni na ratiba vilimpa saa tisa, na kwa bahati mbaya aliamka mzima. Nasema bahati mbaya kwa sababu siku njema ndiyo inayowaangusha wagonjwa wa namna hii. Alisoma saa saba, jioni akawasaidia wenzake kuingiza magunia ya mahindi ndani, halafu akarudi kwenye kitabu karibu na mlango, na upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita mnaujua. Alhamisi alfajiri maumivu yalimshika kiunoni na magotini. Alilazwa siku tisa.

Aliporudi, kabla hajakaa vizuri, akaniuliza, "Mjomba, sasa nadaiwa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Niliibandua ratiba usiku huo.

Kosa langu lilikuwa kudhani uchovu wake ni kama wangu, unaoisha kwa usingizi. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na mwili hauwahi kuziba pengo. Damu yake huwa pungufu siku zote, hata asipoumwa, kwa hiyo moyo na misuli hufanya kazi kwa oksijeni kidogo. Baridi, kukosa maji na kujichosha kupita kiasi vinaweza kuzifanya chembe hizo zijipinde kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo maumivu yanapoanza. Inakadiriwa kuwa nchini Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hii kila mwaka, na wanaofika kidato cha nne wanakutana na ratiba kama yangu.

Mama yangu, bibi yake, ndiye aliyenifungua macho. "Mwanangu," aliniambia, "mahindi ya kihengeni nayapima kwa saa? Nachungulia kilichomo, halafu ndipo naamua tunapika nini." Wapo wagonjwa wengine waliokwisha kulifikia wazo hilo kwa njia yao. Mwaka 2003 Christine Miserandino, Mmarekani mwenye lupasi, aliandika jinsi alivyomweleza rafiki yake maisha yake kwa kutumia vijiko: kila jambo la siku linachukua kijiko, na vikiisha vimeisha. Sisi tulitumia maharage, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mezani.

Tulianza kwa kutazama tu. Kwa siku saba kijana aliandika kila alichofanya na jinsi alivyoamka kesho yake. Punje moja tuliifanya iwe dakika 20 za kusoma historia akiwa ameketi. Mengine tukayapa bei kwa kuyalinganisha na hiyo. Hesabu za dakika 20 zilikula punje mbili. Kuoga na kazi ndogo za asubuhi, moja. Shule ilipofunguliwa tukaongeza: vipindi vya siku nzima punje nne, na kutembea kwenda na kurudi punje tatu, jambo ambalo ratiba yangu haikulifikiria kabisa.

Daftari lilionyesha kitu ambacho saa ya ukutani haikuweza kukionyesha. Siku alizotumia punje 15, jioni alijisikia vizuri tu, lakini asubuhi iliyofuata miguu ilikuwa mizito na macho ya njano zaidi. Siku za punje 12 aliamka salama. Uchovu huu huleta hesabu yake kesho, kwa hiyo huwezi kumwuliza mtu leo jioni kama amezidisha. Tuliweka bajeti ya punje 10, si 12, ili mbili zibaki kwa lisilotarajiwa.

Sasa piga hesabu ya siku ya shule: kutembea tatu, vipindi nne, kuoga na kazi moja. Jumla nane. Zimebaki mbili za kujisomea, yaani dakika 40 za historia au 20 za hesabu. Dada yangu alilia alipoona. Lakini ukweli huo ulitusaidia kuliko kulia, kwa sababu tuliona pa kuokoa. Kaka yake alianza kumpakia kwenye baiskeli, safari ikashuka hadi punje moja, na za kusomea zikawa nne. Hatukuongeza hata dakika moja kwenye siku yake.

Punje nne hazitoshi kunakili madaftari, kwa hiyo tuliacha kunakili. Akirudi shuleni alilala nusu saa kwanza, kisha akachukua swali moja la mitihani iliyopita, akalijibu kitabu kikiwa kimefungwa, akasahihisha. Baada ya dakika 20 alihamisha punje kutoka kopo moja kwenda jingine, akapumzika kabla hajachoka. Akisoma mstari uleule mara mbili, au akikosea kujumlisha namba ndogo, alifunga daftari hata kama punje zimebaki. Siku njema aliruhusiwa punje moja ya ziada, basi. Siku mbaya mdogo wake alimsomea maswali kitandani, na kesho yake hakuna deni.

Tulikosea tena mwezi wa saba. Baridi ilipozidi, bei zilipanda bila sisi kugundua: dakika 20 za historia zikawa zinakula punje mbili. Pia kwenye baridi mtu hasikii kiu, naye alikuwa anakunywa kikombe kimoja tu kutwa. Tulishusha bajeti hadi nane, akavaa soksi na sweta ndani ya nyumba, akarudi kwenye lita mbili hadi tatu za maji kama daktari alivyomwagiza. Baada ya wiki mbili bila asubuhi mbaya, tuliongeza punje moja. Kupandisha nako ni lazima, maana woga unaweza kumfanya mtoto akae na punje chache miezi mizima bila sababu.

Na kuna mambo ambayo maharage hayapimi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili: hapo ni hospitali saa hiyohiyo. Wala makopo hayachukui nafasi ya haidroksiyurea wala kliniki.

Mtihani wa taifa wenyewe hauna punje. Karatasi ni ya saa tatu, uwe mzima au mgonjwa. Kwa hiyo kuanzia Septemba alizoea kukaa kila Jumamosi, kwanza saa moja na nusu, kisha mbili, hadi tatu, na Jumamosi hiyo hakugusa kazi nyingine.

Novemba, usiku wa kuamkia karatasi ya hesabu, nilipita kumwona. Kopo lilikuwa bado na punje mbili. Mkono wangu ulikuwa na karatasi ya maswali niliyomwandalia. Aliitazama, akaniambia, "Hizi ni za kesho, Mjomba," akavaa soksi zake, akalala.