Nani Ahame?

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha shule ya msingi wilayani Pangani, na siku za Jumapili nilifundisha watoto kanisani. Jumapili moja somo letu lilikuwa habari za Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyejipatia mali kwa uongo akapigwa ukoma, na ngozi yake ikageuka nyeupe (2 Wafalme 5). Nilipofika kwenye neno "nyeupe", watoto waligeuka wote kwa pamoja wakamtazama binti mmoja wa darasa la nne, mwenye ualbino, aliyekaa karibu na mlango. Niliwaona wakigeuka. Sikusema neno, nikaendelea na somo. Kesho yake shuleni, wakati wa mapumziko, nikasikia jina jipya uwanjani. Walimwita Gehazi.

Ndugu msomaji, nimeombwa niandike juu ya wajibu wa mwalimu Mkristo pale mwanafunzi anapoonewa kwa sababu ya ngozi yake. Nimeanza na kosa langu kwa sababu kwa muda mrefu nililitazama jambo hili kama ugomvi wa watoto, na sisi watu wazima kama waamuzi. Baadaye niligundua kwamba watoto walikuwa wanatufuata sisi.

Kabla ya jina lile, binti yule alikuwa ameshahamishwa dawati. Hakuwa ananakili kazi ubaoni. Daftari lake lilikuwa na tarehe, kichwa cha somo, halafu ukurasa mtupu. Mwalimu mmoja alimwita mvivu, akampeleka kukaa nyuma na watoro. Alipokuwa akisoma alileta kitabu hadi karibu na pua, na macho yake yalichezacheza, kwa hiyo wenzake walimwigiza. Tena alikuwa na kofia pana ya ukili aliyoshonewa na bibi yake. Mwalimu wa zamu aliivua mstarini akisema si sare ya shule. Tangu siku ile watoto waliinyakua na kurushiana. Kwa nini wasifanye hivyo, ikiwa mwalimu ndiye aliyetangulia kuivua mbele ya shule nzima?

Hatukujua, au hatukutaka kujua, kwamba ualbino haukai kwenye ngozi tu. Ile rangi ya asili inayokosekana kwenye ngozi na nywele hukosekana hata ndani ya jicho. Mwanga huingia mwingi kupita kiasi, na sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikui inavyopaswa. Miwani husaidia kiasi, lakini haimrudishii mtoto uoni kamili. Siku nilipokuja kuzinduka, nilimwita darasani baada ya wenzake kuondoka, nikaandika maneno matatu ubaoni kwa ukubwa wetu wa kawaida, nikamwambia asogee polepole mpaka aweze kuyasoma. Alisoma akiwa hatua mbili kutoka ubaoni. Dawati alilopewa lilikuwa zaidi ya hatua kumi. Miezi yote ile tulikuwa tumemwadhibu kwa kutoona.

Lakini kabla ya kufika hapo tulijaribu njia mbili ambazo walimu wengi huzikimbilia, na ningependa kuzieleza jinsi zilivyotushinda.

Ya kwanza ilikuwa fimbo. Kanuni za serikali zinasema adhabu ya viboko ni ya mwalimu mkuu, au ya mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na visizidi vinne. Sisi tulifuata kanuni. Wavulana watatu waliitwa mbele mstarini, likatajwa kosa lao na jina la binti waliyemkosea, wakachapwa. Shule ilitulia siku mbili. Watoto wa madarasa ya juu ambao hawakuwahi kulisikia lile jina la Gehazi walilisikia pale mstarini, kinywani mwetu. Wale watatu hawakulitaja tena uwanjani. Walimsubiri njiani, kwenye mashamba ya minazi, mahali ambapo hapana mwalimu.

Mimi ndiye niliyeona dalili, tena kwa bahati. Nilikuwa najumlisha mahudhurio ya mwezi nikaona binti yule hakosi ovyo. Alikosa Jumanne na Alhamisi, siku za michezo, ambapo madarasa yote yalitoka saa moja na kutembea njia moja. Siku nyingine alifika amechelewa, kwa sababu alisubiri wenzake wapite kwanza. Mtoto anayeonewa mara nyingi hasemi, lakini rejesta husema, na daftari tupu husema, na chakula kinacholiwa peke yake nyuma ya darasa husema pia.

Nilikwenda nyumbani kwao. Bibi yake ndiye aliyenieleza kwamba njiani walikuwa wanamwita "dili".

Msomaji wa leo huenda asielewe neno lile lilikuwa na uzito gani mwaka ule. Tangu mwaka 2006 hivi, hasa kanda ya ziwa, watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo, kwa imani ya kishirikina kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari hizo. Mtoto anayemwita mwenzake "dili" anamtajia bei. Huenda yeye anatania, lakini amelitoa neno hilo kwa mtu mzima, na anayeitwa hana njia ya kujua utani unaishia wapi.

Hapo walimu tukakimbilia njia ya pili, tukapendekeza ahamishwe. Serikali wakati ule ilikuwa imewakusanya watoto wengi wenye ualbino katika shule kama Kabanga kule Kasulu, Mitindo kule Misungwi na Buhangija kule Shinyanga. Huku kwetu mkoani Tanga kulikuwa na shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, ya Kanisa la Kilutheri. Sizidharau shule hizo. Kwa mtoto aliyewindwa kijijini kwao, ukuta na mlinzi vilikuwa uhai. Lakini wapo waliokaa huko miaka bila kutembelewa na mzazi, wakawa kama yatima ilhali wazazi wako hai.

Mama yake alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu hajamkosea mtu. Kwa nini ahame yeye?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaifungua Yohana sura ya 9. Wanafunzi wa Yesu wanamwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, nao wanauliza, mbele yake, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Nilikuwa nimeihubiri sura ile mara nyingi kama habari ya muujiza. Usiku ule niliona jambo jingine. Kabla ya kumponya, Yesu anaikataa hoja yao. Kipofu haambiwi asogee pembeni ili wanafunzi wa Yesu wazungumze vizuri. Wao ndio wanaoambiwa wabadili walivyofikiri. Nasi tulikuwa tumemhamisha binti yule nyuma ya darasa, tukamvua kofia, sasa tunataka kumhamisha wilaya. Kila hatua ilimtaka yeye ndiye asogee. Kosa la fimbo lilikuwa hilo hilo, maana wenye fimbo hatukubadilika chochote.

Basi tulianza na sisi wenyewe. Katika kikao cha walimu tulikubaliana kwamba hakuna atakayemwita kwa sifa ya ngozi yake. Alikaa dawati la mbele, upande ulio mbali na dirisha, kwa sababu mng'ao humpofusha. Mwalimu alisoma kwa sauti kila alichoandika ubaoni, na jirani yake alimwazima daftari anakili. Kofia na mikono mirefu vikawa ruhusa, na mwalimu mkuu alilitangaza hilo kama kanuni ya shule kwa yeyote anayedhurika na jua, bila kumtaja mtu. Usafi wa uwanja aliufanya asubuhi mapema, na mchana alipewa kazi ya ndani kama wengine walivyopewa ya nje. Siku hizi mwalimu anaweza pia kuulizia hospitalini juu ya mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa KCMC, Moshi, lakini mafuta hayachukui nafasi ya kofia na kivuli.

Wale wavulana watatu nilizungumza nao mmoja mmoja, bila binti kuwepo, maana kuwakutanisha mapema ni kumlazimisha aliyeumizwa asamehe akiwa anaogopa. Mmoja alikiri kwamba neno "dili" alilisikia kwa watu wazima kijiweni. Tuliwaita wazazi. Kwa wiki kadhaa mwalimu mmoja alitembea njia ile baada ya masomo. Nami nilimuuliza binti faraghani kila Ijumaa, kisha kila mwezi, kwa sababu uonevu hunyamaza kabla ya kwisha.

Liko jambo moja ambalo mwalimu hapaswi kulisuluhisha ofisini kwake. Mtoto akikatwa nywele au kucha "kwa utani", au mtu akiuliza anapitia njia gani, hiyo si dhihaka tena. Huenda mtoto mwingine ametumwa na mtu mzima. Taarifa ifike siku hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu, kwa mzazi, kwa afisa mtendaji na polisi, ambako sasa kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ipo pia namba 116 ya kusaidia watoto, isiyo na malipo. Wala tusijidanganye kwamba hatari hiyo imekwisha. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliuawa wilayani Muleba, na mtumishi wa kanisa alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa.

Lilibaki la kanisani. Nilimwendea binti yule nyumbani, mbele ya mama na bibi yake, nikamwambia kwamba jina lile lilitoka katika somo langu na kwamba niliona, nikanyamaza. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nilijua umeona, mwalimu." Jumapili iliyofuata niliwarudishia watoto habari za Gehazi, nikawaeleza kwamba ukoma ni ugonjwa na ualbino ni jinsi mtu anavyozaliwa, na kwamba kosa la Gehazi lilikuwa tamaa ya mali. Kisha nikawauliza ni nani kati yetu anayefanana naye: aliyezaliwa na ngozi nyeupe, au anayemwita mwenzake dili?

Hawakujibu. Mwaka 2012 binti yule alimaliza darasa la saba katika shule ile ile.