Fungu la Mlango wa Karibu

Wanangu, sala ya Idi tumeimaliza na visu vinawasubiri. Hili nitakalolisema mmelisikia kwangu mwaka jana na mwaka wa juzi. Nimechoka kulirudia, lakini kila Idi naona nyumba zilizochinja zikinuka pilau, na mlango wa tatu kutoka hapo hapana moshi. Basi kaeni kidogo.

Mjini Madina palitokea mwaka wa dhiki. Siku za Idi ziliingia pamoja na mabedui mafukara waliotoka jangwani, wamechoka na hawana kitu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawakataza masahaba kubakiza nyama ya udhia nyumbani baada ya siku tatu. Mwaka uliofuata watu wakamwuliza kama wafanye vile vile. Salama bin al-Akwaa ameipokea habari hiyo, na Mama Aisha naye ameisimulia: Mtume akawaruhusu wale, walishe na waweke akiba, akawaeleza kuwa katazo lile lilikuwa kwa ajili ya wale wenye shida, ili wasaidiwe.

Tazameni vizuri sababu hiyo. Nyama ni ile ile na Idi ni ile ile. Kilichobadilika ni hali ya watu waliokuwa nje ya mlango. Leo mna majokofu, na paja la mbuzi hukaa humo mpaka mfungo mosi. Sikukatazi kuweka, mwanangu, kwa kuwa ruhusa ipo. Lakini kabla hujafunga mlango wa jokofu, jiulize mtaa wako uko katika mwaka upi kati ya miaka ile miwili. Mvua zikikosekana na unga ukipanda bei, mimi naona tumo katika ule wa kwanza.

Katika Sura ya Hajji Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule na tuwalishe mafukara wa aina mbili: anayekuja kuomba, na aliyetosheka na kidogo chake asiinue mkono. Yule wa kwanza hatupi taabu, kwa sababu atabisha hodi mwenyewe. Wa pili ndiye tunayemsahau. Ni mjane aliyefunga mlango ili watoto wake wasisimame kutazama nyama ya watu. Huyo hafikiwi ila kwa kuendewa. Na katika sura hiyo hiyo tumeambiwa kuwa nyama na damu havimfikii Mungu, kinachomfikia ni uchamungu wetu. Sasa kama nyama haimfikii Yeye, ni ya nani basi, ikiwa siyo ya viumbe wake?

Sisi wa madhehebu ya Shafii tumesoma Minhaji ya Imamu Nawawi. Humo imethibitishwa kuwa ni wajibu kutoa sadaka sehemu ya udhia, na kwamba bora zaidi ni kuitoa yote, ukabakiza matonge machache ya kula kwa baraka. Mafakihi wetu wakasema fungu hilo la fukara litolewe bichi, awe na hiari nalo: apike apendavyo, au aanike. Kumwita akale ubwabwa kwako ni wema, ila hakuondoi wajibu ule. Na aliyeweka nadhiri hali hata kipande.

Kuna kosa jingine linalonisikitisha. Watu humwachia mchinjaji ngozi na kichwa kuwa ndio ujira wake. Katika Hija ya kuaga, Mtume alitoa ngamia 100, akachinja 63 kwa mkono wake, na Ali akamalizia waliobaki. Ali akaamrishwa agawe nyama, ngozi na matandiko yao, wala asimlipe mchinjaji kutoka humo. Ujira walimpa kutoka kwao wenyewe. Basi mlipeni pesa zake kamili. Kisha, akiwa fukara, mpeni nyama kama fukara mwingine.

Nyumbani kwa Mtume alichinjwa kondoo. Mtume akauliza kimebaki nini, na Mama Aisha akajibu kuwa halikubaki ila bega. Akamwambia: kimebaki chote, isipokuwa bega hilo. Namwona mama huyo akiwa na bega moja mkononi, nyama nyingine yote imekwishatoka, na mumewe anamhesabia kile kilichotoka.

Leo ni tarehe 10, na kuchinja kunaruhusiwa mpaka jua la tarehe 13 litakapokuchwa, kwa hiyo msipapatike. Mnaoshirikiana ng'ombe watu saba, pimeni kwa mizani kila mtu alijue fungu lake, na kila mmoja atoe ya mafukara katika lake. Fungeni mafungu yenye mnofu, siyo mifupa na mafuta matupu. Yatoke kabla maini hayajaingia jikoni, na muanze na mlango ulio karibu zaidi, kwani ndivyo Mtume alivyomjibu Aisha alipouliza ampe zawadi jirani yupi. Mtoto akirudi na sinia tupu, mwulizeni alikofika, na kama mlango ulifunguliwa. Ukiwa haukufunguliwa, nendeni wenyewe.