Bango la Elfu Ishirini

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa akitafuta polikaprolaktoni ya 20,000 g/mol ili ailinganishe na sampuli ya rejea yenye uzito huo. Kabatini alikuta mafungu mawili tu: moja la minyororo mifupi ya 10,000, jingine la minyororo mirefu ya 110,000. Akapiga hesabu, akachanganya gramu 45 za la kwanza na gramu 55 za la pili. Akapima ncha za minyororo kwa mashine ya NMR na jibu likatoka 20,000 kamili. Kwenye muhtasari wa bango lake la mkutano akaandika: "Uzito wa molekuli: 20,000. Tunatarajia mchanganyiko utiririke kama sampuli ya rejea."

Siku ya mkutano mtafiti mmoja alisimama mbele ya bango, akausoma mstari ule mara mbili.

"Hii elfu ishirini ni wastani upi?"

"Ni wastani wa kawaida, Profesa."

"Wa idadi au wa uzito?"

Kijana hakuwa na jibu, na bango lake halikuwa nalo pia.

NMR ilikuwa imemwambia kweli, ila kweli ya aina moja. Kuhesabu ncha ni kuhesabu minyororo, na hapo kila mnyororo una kura moja, uwe mfupi au mrefu. Katika mchanganyiko wake, kila minyororo 10 ilikuwa na 9 mifupi na mmoja mrefu. Jumlisha uzito wao, 90,000 na 110,000, gawanya kwa 10, unapata 20,000. Huo ndio wastani wa idadi, Mn. Lakini wastani wa uzito, Mw, huipa kura kila gramu, si kila mnyororo. Asilimia 45 ya gramu zimo kwenye minyororo ya 10,000 na asilimia 55 kwenye ile ya 110,000. Basi 4,500 na 60,500 zinafanya 65,000. Chupa ni ileile moja, na namba zote mbili ni sahihi.

Kosa lilikuwa katika neno "utiririke". Polima ikishayeyuka, na minyororo yake ikiwa mirefu kiasi cha kufungamana, mnato wake hufuata Mw ikiwa imepandishwa kwa kipeo cha takriban 3.4. Minyororo mirefu ndiyo inayoshikana na kuburuzana, hata ikiwa michache kwa idadi. Sampuli ya rejea ilikuwa na Mn ya 20,000 na Mw ya 22,000. Ukigawanya 65,000 kwa 22,000 unapata karibu 3, na ukiipandisha kwa kipeo hicho, mchanganyiko unakuwa mzito kutiririka karibu mara 40 kuliko rejea. Ndiyo maana maabarani, wiki chache kabla ya mkutano, mchanganyiko ulikuwa umegoma kupita kwenye tundu la sindano huku rejea ikipita bila taabu. Kijana alilaumu joto. Aliongeza nyuzi kadhaa, akapata uzi mnene wenye vifundo, akaendelea na kazi.

Mw ikigawanywa kwa Mn inatoa mtawanyiko, unaoandikwa Đ. Jina na alama hiyo vilipendekezwa na IUPAC mwaka 2009. Rejea ilikuwa na 1.1, yaani minyororo yake ilikaribiana sana kwa urefu. Mchanganyiko ulikuwa na 3.25. Namba hiyo moja ingetosha kumshtua yeyote kabla hajalinganisha sampuli mbili zenye Mn sawa.

Hata hivyo Đ nayo ina mipaka yake. 3.25 inaweza kutoka kwenye mlima mmoja mpana wa minyororo ya kila urefu, au kwenye vilele viwili vilivyotengana kama vya kijana huyu, na polima hizo mbili si kitu kimoja. Kinachozitofautisha ni mchoro wa kromatografia ya jeli, ambamo minyororo mikubwa hutoka kwanza na midogo, inayopenya kwenye vitundu vya jeli, hutoka baadaye. Mimi nisingeruhusu bango la polima litundikwe bila mchoro huo. Nisingeruhusu pia namba zake zitajwe bila kusema mashine ilirekebishwa kwa kipimo gani. Ikirekebishwa kwa polistaireni, kama ilivyo desturi, polikaprolaktoni huonekana nzito kuliko ilivyo, kwa kuwa kwa uzito uleule hutanda zaidi ndani ya kiyeyushi.

Muhtasari mpya aliouandika baada ya mkutano ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa kwanza: "Mchanganyiko wa mafungu mawili, 45 kwa 55 kwa uzito. Mn 20,000 g/mol, kwa NMR, Mw 65,000 g/mol, kwa hesabu ya mafungu, Đ 3.25. Mchoro wa kromatografia una vilele viwili na umerekebishwa kwa polistaireni, hivyo usomwe kwa umbo lake. Mn ya rejea ni ileile, ila Đ yake ni 1.1; mnato wa mchanganyiko unakadiriwa kuuzidi wa rejea karibu mara 40 kwenye joto lilelile."