Mwaka wa Nyumba ya Saba

Wanajimu wa Kiyunani walikuwa na njia nyepesi ya kuupa kila mwaka wa mtu nyumba yake. Unaanza na buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki ulipozaliwa. Hiyo ni nyumba ya kwanza na ndiyo ya mwaka wako wa kwanza duniani. Kila siku ya kuzaliwa ikifika unasogea buruji moja mbele. Sayari inayotawala buruji uliyofikia ndiyo bwana wa mwaka. Nyumba ya saba ni ya ndoa, kwa hiyo mwaka unaotazamwa ni ule unaoanza ukitimiza miaka 6, 18, 30 au 42.

Juu ya hesabu hiyo kuna fungu la ndoa. Dorotheo wa Sidoni, wa karne ya 1, ambaye kitabu chake tunacho zaidi kwa tafsiri ya Kiarabu, anasema kwa mwanamke pima digrii kutoka Zuhura hadi Zohali, kisha hesabu umbali uleule kuanzia digrii inayochomoza. Kwa mwanamume unageuza: kutoka Zohali hadi Zuhura. Unapoishia ndipo fungu lilipo, na mwaka unaofika kwenye buruji hiyo nao unahesabiwa kuwa wa ndoa.

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alizaliwa Gonja tarehe 24 Agosti 1996, saa 2 usiku. Samaki ilikuwa ikichomoza, kama digrii 26. Zuhura ilikuwa digrii 15 za Kaa na Zohali digrii 6 za Punda, umbali wa digrii 261. Ukizihesabu kutoka digrii 26 za Samaki unaangukia digrii 17 za Mshale, nyumba yake ya kumi. Basi Agosti 2026, akitimiza miaka 30, anaingia nyumba ya saba, Mashuke, na bwana wa mwaka ni Utaridi. Akitimiza 33 anafika kwenye fungu lenyewe.

Mchumba wake anataka harusi Desemba hii, wakati ndugu wa Dar es Salaam na Arusha wanapopanda milimani na kamati haihangaiki kutafuta watu. Dada anasema asubiriwe hadi mwaka wa nyumba ya saba. Swali langu ni kama ana haki ya kumpa mwenzake sababu hiyo.

Kwanza niipime sababu yenyewe. Mama mdogo anakumbuka saa 2, na saa inayokumbukwa huwa imekatwa. Dakika 20 baadaye ingekuwa Punda inayochomoza, si Samaki. Fungu lingebaki Mshale, lakini mwaka wake ungekuwa wa 32 badala ya 33. Na anayeijaza saa 2 usiku kwenye programu ya simu kama 02:00 badala ya 20:00 amehama saa kumi na nane. Atapewa Mapacha, na bwana mwingine wa mwaka.

Kitu kimoja tu hakitikisiki: akiwa na miaka 30 yuko nyumba ya saba. Lakini hapo kila mtu yuko nyumba ya saba, hata anayeapa hataoa. Kinachomtofautisha ni bwana wa mwaka na fungu, yaani vile vinavyotegemea dakika. Tena Valensi, wa karne ya 2, humpimia mwanamke kutoka Mwezi hadi Mirihi, na fungu laweza kuangukia kwingine kabisa. Ukiongeza mwaka wa 31, ambao bwana wake kwa mwenye Samaki ni Zuhura, miaka mitatu kati ya minne ya 30 hadi 33 inaweza kuitwa ya ndoa. Harusi ikifungwa wowote kati ya hiyo, hesabu itakuwa imesema kweli.

Hata hivyo udhaifu wa hesabu si kosa la kimaadili. Wazee wetu nao huahirisha harusi kwa sababu ya msiba au mahari isiyotimia, na hatuwaiti waongo. Tofauti ni kwamba mahari inajadilika: wajomba wanakaa, wanapunguza, wanakubali nusu. Zohali haikai kikao. Ukimwambia mtu nyota zimekataa, umemnyima nafasi ya kukujibu.

Nilimuuliza dada, kama Desemba ingekuwa nyumba ya saba, angekubali? Alinyamaza, akasema, "Mdogo wangu, nataka nimalize kwanza chuo."

Hiyo ni sababu, na mchumba anaweza kuijibu: ada italipwa na nani, wataishi wapi, mtoto asubiri hadi lini. Kwa maoni yangu anamdai hiyo. Nyota anaweza kubaki nazo kama wengi wanavyobaki nazo, za kumpa ujasiri wa kusema jambo alilokwisha kuliamua. Kosa linaanza zinaposimama mlangoni badala yake, na mwanamume wa watu anabaki nje akihesabu miezi ya buruji asizozijua.